Koo Linalobana Wakati wa Kazi: Maumivu ya Moyo Yanayojitokeza Kooni na Kwenye Taya

Maumivu ya moyo hayalazimiki kusikika kifuani. Wapo watu ambao moyo wao unapokosa damu ya kutosha husikia koo linabana, au taya la chini linavuta pande zote mbili, au kooni pamejaa kana kwamba pana kitu kilichokwama, huku kifua kikiwa shwari kabisa. Na kwa kuwa koo ni mahali ambapo kila mtu amezoea kuumwa kwa mafua au tonsili, watu hao hupewa dawa za koo, nao huzimeza kwa uaminifu wiki baada ya wiki. Mhadhara huu, ulioandikwa kwa ajili ya wakazi wa Ngulyati na vijiji jirani vya Wilaya ya Bariadi pamoja na wahudumu wa afya wanaowapokea, unashughulikia namna ya kutenganisha koo linalougua lenyewe na koo linalousemea moyo, mahali ambapo kipimo cha umeme wa moyo hakipatikani kila siku na mashine kubwa ziko mbali.

Ni vyema kuanza na chanzo cha maumivu yenyewe. Moyo ni msuli, na msuli huo hupata damu yake kupitia mishipa myembamba inayouzunguka kwa nje, ambayo kitaalamu huitwa mishipa ya korona. Mafuta yanapojijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo kwa miaka mingi, njia ya damu hupungua, ila mtu aliyeketi hasikii lolote kwa sababu damu inayopita bado inatosha kwa moyo uliotulia. Anapoanza kusukuma mzigo au kutembea haraka, moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu zaidi, ukahitaji damu nyingi kuliko ile ambayo njia nyembamba inaweza kuipitisha, na hapo ndipo msuli unapolalamika. Lalamiko hilo la muda, linaloanza kwa kazi na kutulia kwa mapumziko, huitwa anjaina. Ikitokea kwamba damu imeganda ndani ya mshipa uliokuwa umekwisha kuwa mwembamba na kuuziba, sehemu ya msuli huanza kufa, na hali hiyo ndiyo inayojulikana kama shambulio la moyo.

Kwa nini lalamiko la moyo lisikike kooni? Neva zinazobeba taarifa kutoka moyoni hazina njia yao ya pekee ya kufika kwenye ubongo. Baadhi yake huingia kwenye uti wa mgongo usawa wa kifua cha juu, mahali zinapoingia pia neva za kifua na za upande wa ndani wa mkono. Nyingine hupanda na neva ndefu iitwayo vagasi, ambayo hupita shingoni na kukutana na taarifa zinazotoka kooni, shingoni na kwenye taya. Hali hii inafanana na mashamba mawili yanayomwaga maji kwenye mfereji mmoja, ambapo anayesimama chini ya mfereji huona maji yamejaa lakini hawezi kujua yametoka shamba lipi. Ubongo, ambao tangu utotoni umepokea maumivu mengi kutoka kooni na karibu hakuna kutoka moyoni, huamua kwamba koo ndilo linalouma. Mgonjwa anayesema koo linamuuma hadanganyi wala hakosei; anaeleza sawasawa kile ambacho ubongo wake unamweleza.

Jambo hili si nadra kiasi cha kupuuzwa. Katika utafiti uliofanywa mjini Montevideo, nchini Uruguay, na kuchapishwa mwaka 2007, wagonjwa 186 ambao moyo wao ulithibitika kukosa damu waliulizwa kwa makini walisikia maumivu wapi, na ikaonekana kwamba asilimia 6 walikuwa na maumivu ya koo, taya au uso peke yake bila maumivu mahali pengine popote, na asilimia 32 zaidi walikuwa nayo pamoja na maumivu ya kifua au mkono. Mahali palipotajwa zaidi ya pote palikuwa koo, likifuatiwa na taya la chini, na wanawake walitaja dalili hizi zaidi kuliko wanaume. Karibu na nyumbani, watafiti wa Hospitali ya KCMC mjini Moshi waliwapima mwaka 2019 watu wazima waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, wakakuta zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na shambulio la moyo. Matokeo hayo yanavunja dhana ya zamani kwamba ugonjwa huu ni wa Ulaya au wa matajiri wa mijini, lakini yana pengo ambalo msomaji wa mhadhara huu anapaswa kuliona: waliopimwa ni wale waliotaja kifua au pumzi, na aliyekuja akisema koo linabana hakuwa na mlango wa kuingilia katika hesabu hiyo.

Kinachotenganisha maumivu haya na koo la kawaida zaidi ya kitu kingine chochote ni uhusiano wake na kazi. Daktari Mwingereza William Heberden aliueleza uhusiano huo mjini London mwaka 1768, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1772, aliposema kwamba wagonjwa wake walikamatwa na maumivu wakiwa wanatembea, hasa wakipanda mlima na hasa baada ya kula, na kwamba maumivu yalitoweka mara waliposimama. Heberden hakuwa na kipimo chochote cha moyo. Alikuwa na maswali na subira ya kusikiliza majibu, na kile alichokipata kwa njia hiyo bado ni msingi wa utambuzi hadi leo. Koo lililovimba kwa maambukizi haliangalii kama mwenyewe ameketi au anabeba gunia: huuma asubuhi, mchana na usiku, hudumu siku kadhaa mfululizo, kisha hupona. Koo la anjaina huja likiwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, huanza dakika chache baada ya kazi kushika kasi, humlazimisha mtu kupunguza mwendo au kusimama, na kwa kawaida huisha ndani ya dakika mbili hadi kumi za kupumzika, likimwacha mzima kabisa mpaka kazi inayofuata.

Alama ya pili ni kumeza. Mwenye tonsili zilizovimba huogopa hata kumeza mate, na tonge la ugali humtoa machozi, kwa sababu kila anapomeza sehemu yenye kidonda husuguliwa. Mwenye maumivu ya moyo humeza bila shida, na hata katikati ya maumivu akinywa maji hayaongezi wala hayapunguzi chochote. Vivyo hivyo kwa taya: jino bovu huuma linapoguswa na chai ya moto, maji ya baridi au mfupa, na mgonjwa huweza kulionyesha kwa ncha ya kidole, ilhali maumivu ya moyo yaliyofika kwenye taya hayana jino lake, hayabadiliki taya likibonyezwa au chakula kikitafunwa, na mara nyingi hushika pande zote mbili. Wapo wagonjwa waliong'olewa meno mazima kabla ya kuulizwa maumivu huwajia wakati gani, na visa vya namna hiyo vimeandikwa na madaktari wa meno.

Yapo pia mambo yanayoonekana kwa kukosekana kwake. Koo la maambukizi huja na wenzake, yaani homa, mafua, kikohozi, sauti kukauka, wekundu kooni, usaha mweupe juu ya tonsili, na matezi ya shingo yanayouma yakiguswa. Mhudumu anayemulika tochi kwenye kinywa cha mtu wa miaka hamsini na zaidi na kukuta koo safi lisilo na wekundu wowote amepata taarifa kubwa, na si sababu ya kuandika dawa ya koo kwa mazoea. Maumivu ya moyo nayo yanaweza kuwa na wenzake, ambao ni jasho jingi la baridi, pumzi kukatika, kichefuchefu, uchovu usioelezeka, au uzito unaoshuka kwenye mkono, ingawa si lazima wawepo. Maneno ya wagonjwa wenyewe husaidia pia: mwenye kidonda kooni husema koo linawasha, linachoma kama lina mchubuko, au linakwaruza; mwenye anjaina husema linabana, linakaba, linavuta, limejaa, na mara nyingi mkono wake hukamata shingo nzima anapoeleza, kwa kuwa maumivu hayana nukta moja ya kuonyeshwa kwa kidole.

Ili alama hizi zisibaki maneno matupu, inafaa kufuatilia mfano mmoja uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Mkulima wa pamba mwenye umri wa miaka 57, anayejua kuwa ana shinikizo la damu lakini humeza dawa anapojisikia vibaya tu, husukuma baiskeli yenye magunia ya pamba kutoka shambani hadi kwenye ghala la chama cha msingi wakati wa msimu wa ununuzi. Siku moja, baada ya mwendo wa kama dakika kumi, koo lake linaanza kubana na mataya yote mawili yanavuta. Anasimama kurekebisha mnyororo, na kabla hajamaliza hali imepita. Jambo hilo linajirudia siku tatu mfululizo, ndipo anakwenda kwenye duka la dawa muhimu na kusema koo linamsumbua, naye anapewa amoksilini ya siku tano pamoja na diklofenaki. Nyumbani anaambiwa apumzike kwa kuwa anaumwa, kijana wake anachukua kazi ya kusukuma baiskeli, na kwa siku zote tano koo halibani hata mara moja.

Hapa ndipo mtego wa ugonjwa huu ulipo, nao unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Mkulima huyo sasa anaamini kwamba amoksilini imemponya, muuza dawa anaamini vivyo hivyo, na maumivu yatakaporudi atakapoishika tena baiskeli wote wawili watasema koo limerudi na linahitaji dawa yenye nguvu zaidi, labda azithromaisini. Ukweli ni kwamba dawa haikufanya lolote: kilichoondoa maumivu ni mapumziko, na sifa za mapumziko zikapewa kidonge. Si hivyo tu, diklofenaki na dawa za jamii yake, zikitumiwa mara kwa mara, huongeza hatari ya shambulio la moyo na hupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo tiba iliyotolewa kwa nia njema inamsogeza mgonjwa karibu zaidi na hatari. Baadhi ya wagonjwa wa koo lisilopona huishia hata kwa mkata kimeo, desturi ambayo bado ipo sehemu mbalimbali za Tanzania, na kukatwa kwa kimeo hakuna namna yoyote ya kuigusa mishipa ya moyo. Kinachopatikana ni kidonda kipya, hatari ya kuvuja damu, na muda uliopotea.

Mfano huo ukiendelea mpaka kwa tabibu anayeuliza vizuri, mambo yanabadilika kwa sentensi chache. Tabibu haulizi tu panauma wapi. Anauliza mgonjwa alikuwa akifanya nini maumivu yalipoanza, alifanya nini yakaisha, yalichukua muda gani, na kama kumeza kuna shida. Anapopima, joto la mwili ni 36.6, koo ni safi, matezi hayajavimba, na shinikizo la damu ni 164 kwa 98. Anasikiliza moyo kutafuta mlio unaoashiria valvu iliyobana, anaangalia wingi wa damu kwa sababu upungufu mkubwa wa damu unaweza peke yake kuufanya moyo ulalamike, na anapima sukari. Kipimo cha umeme wa moyo, kikipatikana, kinaweza kutoka kikiwa cha kawaida kabisa, na hapo wengi hukosea, kwa kuwa kipimo hicho huonyesha hali ya moyo katika sekunde zile unapopimwa, na moyo wa mgonjwa wa anjaina aliyelala kitandani haukosi damu wakati huo. Kipimo cha troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia, nacho hakipandi katika anjaina tulivu kwa sababu hakuna msuli uliokufa. Majibu mawili mazuri ya namna hiyo hayafuti historia ya mgonjwa. Yanasema tu kwamba shambulio la moyo halijaonekana leo.

Mipaka ya alama hizi lazima itajwe kwa uwazi uleule. Kiungulia, yaani tindikali inayopanda kutoka tumboni, huweza kuchoma koo na kulifanya lionekane limebana; dalili zake ni kuja baada ya mlo mkubwa, mtu anapoinama au kulala, na kuacha ladha chungu mdomoni. Lakini anjaina nayo hupenda kuja baada ya kula, na wagonjwa wengine wa moyo hupata nafuu wakinywa dawa ya kiungulia kwa sababu tu maumivu yao yalikuwa yakielekea kuisha, hivyo nafuu ya namna hiyo isichukuliwe kuwa ushahidi. Wenye kisukari cha muda mrefu huweza kuwa na neva zilizodhoofika kiasi kwamba koo hubana kidogo tu, au hawasikii maumivu kabisa bali pumzi hukatika. Na kwa watoto na vijana mambo yamekaa kinyume: koo linalouma kwa mtoto karibu siku zote ni koo kweli, na likiwa na homa, usaha na matezi bila kikohozi linastahili kuonwa na tabibu, kwa sababu bakteria aitwaye streptokoka asipotibiwa anaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo. Huo ni uhusiano mwingine kabisa kati ya koo na moyo, ambao haupaswi kuchanganywa na huu unaozungumziwa.

Kanuni ya mapumziko nayo ina mahali inapovunjika, na mahali hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Koo au taya linapobana mtu akiwa amepumzika au linapomwamsha usingizini, maumivu yanapokuja kwa kazi ndogo kuliko ile ya wiki iliyopita, yanapopita dakika kumi na tano bila kulegea, au yanapoandamana na jasho la baridi na kukosa pumzi, hali hiyo haihesabiwi tena kuwa anjaina tulivu. Hiyo ni dharura hata kama kifua hakiumi hata kidogo. Mgonjwa hatakiwi kutembea wala kuendesha baiskeli kwenda kituo cha afya. Anabebwa kwa gari au chombo kingine, akiwa ameketi au ameegemea. Iwapo hana mzio wa aspirini na hatapiki damu wala kupata choo cheusi, anatafuna aspirini ya miligramu 300, akiitafuna na si kuimeza nzima ili ifike haraka kwenye damu na kuzuia chembe za damu zisizidi kugandana. Vidonge vya naitreti vinavyowekwa chini ya ulimi, ambavyo hulegeza mishipa, hutolewa pale tu shinikizo la damu lisipokuwa chini, na kamwe si kwa mwanamume aliyetumia dawa za nguvu za kiume kama sildenafili katika saa 24 hadi 48 zilizopita, kutegemea dawa yenyewe, kwa sababu shinikizo linaweza kuanguka ghafla. Swali hilo linapaswa kuulizwa kwa faragha na bila kuona haya. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa za mwanzo na faida yake hupungua sana baada ya saa 12, kwa hiyo usiku mmoja wa kusukutua koo kwa maji ya chumvi unaweza kuwa usiku ambao tiba ilipita.

Kwa mkulima wa mfano, ambaye maumivu yake bado yanafuata kazi na kuisha kwa mapumziko, nafasi ya kutibiwa kabla ya shambulio ni kubwa. Aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku, dawa ya kupunguza mafuta ya damu kama atovastatini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo kama bisoprololi, kidonge cha naitreti cha kubeba mfukoni, na dawa ya shinikizo inayomezwa kila siku hata asipojisikia vibaya, vyote hivyo vinaweza kuanzishwa na daktari wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, huku mpango wa rufaa ukifanywa kwenda Bugando mjini Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam; katika taasisi hiyo mishipa ya moyo inaweza kupigwa picha na iliyobana kutanuliwa.

Barua ya rufaa ya mgonjwa wa namna hii huharibika mara nyingi kwa neno moja linaloandikwa juu yake, yaani maumivu ya koo, kwa kuwa neno hilo humpeleka moja kwa moja kwa daktari wa masikio, pua na koo, na foleni inaanza upya. Inatosha tabibu aandike kwamba mgonjwa wa miaka 57 mwenye shinikizo la damu hubanwa koo na mataya yote mawili baada ya dakika kumi za kusukuma mzigo, kwamba hali hiyo huisha ndani ya dakika nne akisimama, kwamba humeza bila maumivu, na kwamba koo lilipokaguliwa lilikuwa safi. Daktari wa moyo atakayesoma maneno hayo hatahitaji kuuliza kwa nini mgonjwa huyu ameletwa kwake.